Machungwa ya Mgonjwa Mzima

Siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa, mwanangu, ni Alhamisi ambayo timu nzima ya mpira ilikuja nyumbani kwetu Kariakoo kunitazama mgonjwa, na mimi nilikuwa mzima wa afya, sina hata mafua.

Usicheke kwanza. Mama yako ameniambia una kambi ya mpira, una mitihani, na una arobaini ya shangazi yako, vyote wiki moja, na mwalimu wako wa timu hujamwambia neno. Unangoja nini? Unangoja siku ifike yenyewe ikusemee? Nami niliingoja hivyo hivyo, ndiyo maana nakuita ukae hapa kwa babu yako.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo na bendera yake. Nilikuwa darasa la kumi, na nilichezea klabu moja ya pale Kariakoo, winga wa kushoto. Sijisifu, ila nilikuwa na mbio. Kocha wetu tulimwita Mwalimu Mbaraka. Alikuwa fundi wa reli kule Gerezani, mtu mfupi, mikono imejaa alama za moto, na hakupiga kelele hata siku moja. Ukimkosea, alikutazama tu. Afadhali angepiga kelele.

Sasa kambi ya siku hizo si kama yenu ya hoteli. Kabla ya mechi kubwa, wachezaji walifungiwa katika nyumba ya mzee mmoja wa klabu, Msimbazi. Ukiingia Jumatano jioni hutoki mpaka Jumapili mnapokwenda uwanjani Ilala. Mnakula chungu kimoja, kimepikwa na mtu mmoja anayeaminika. Mnalala mkekani, mnakandwa miguu kwa mafuta ya nazi, mnazungumzia mpira mpaka usingizi uwachukue. Mgeni haingii. Barua haiingii. Kisa chake ni kwamba wapinzani wetu walikuwa mtaa wa pili tu, na kila mtu aliamini kuwa mchezaji anayelala nje ya kambi anakwenda kununuliwa. Mlinda mlango wetu mmoja aliwahi kukosa kambi, tukafungwa, na mpaka leo sijui kama aliuza mechi au aliteleza tu. Ninachojua ni kwamba alipokaa kwenye benchi la kahawa, wenzake waliinuka mmoja mmoja wakaondoka. Mwisho akahamia Tanga.

Hilo ndilo nililoliogopa. Maana wiki ile ile ya kambi, Ijumaa, dada yangu Mwanahawa alikuwa anaolewa. Baba yetu alishafariki, babu pia, na mimi ndiye kaka yake wa pekee, nimebaleghe. Walii wake, yaani wa kumwozesha, nilikuwa mimi. Sheria inakuruhusu kumpa mtu mwingine uwakala akuozeshee, hata sheikhe mwenyewe, ila mama yangu hakuruhusu. Alisema, "Kiti cha baba yako hakitumiwi mjumbe." Wala siku isingesogezwa, kwa sababu bwana harusi, Saidi, alikuwa karani bandarini, naye amehamishiwa bandari ya Mtwara, na meli yake inaondoka Jumapili asubuhi na mkewe ndani.

Na Jumatatu mtihani unaanza. Mtihani wa darasa la kumi wakati ule haukuwa na kurudia. Ukianguka, umeanguka na ukoo wako. Mama alikuwa amenisomesha kwa kukaanga vitumbua tangu baba alipokufa, na kila alfajiri nilipoamka kusoma nilimkuta yeye ameshaamka kabla yangu, macho mekundu kwa moshi. Kule kambini palikuwa na taa moja ya karabai na vijana ishirini wanaosimulia hadithi. Hesabu utazisomea wapi?

Basi udhuru ninao, tena mbili, zote za haki. Lakini niliziona ndogo, mwanangu. Nilijiona nikisimama mbele ya Mwalimu Mbaraka nikasema, "Nina shule," wenzangu wacheke, "Msomi huyo!" Nikasema, "Nina harusi," waseme, "Harusi ya dakika tano, si angekwenda akarudi?" Na nyuma ya kicheko, lile neno lingine: kanunuliwa. Tarehe ya harusi niliijua tangu mwezi uliotangulia. Tarehe ya mtihani niliijua tangu mwanzo wa mwaka. Kila nilipokwenda mazoezini nilisema leo nitamwambia. Nikimwona anafunga kamba za mpira, nasema ana kazi, nitamwambia kesho. Nikimwona amekaa, nasema amechoka. Chakula hakishuki, na usingizi ukija unakuja na ndoto ya mlinda mlango yule peke yake kwenye benchi.

Jumatano mchana rafiki yangu Abdu alinipitia ili twende pamoja kuangalia kambi inavyotayarishwa. Abdu alikuwa kuli bandarini na mchezaji wa akiba wa nafasi yangu mimi. Alikuwa hajaitwa kambini, lakini hakuwa na kijicho hata chembe. Aliponikuta kitandani na vitabu, akauliza, "Vipi bwana, mbona hivyo?"

Sijui neno lilitoka wapi. Nikasema, "Naumwa, Abdu. Homa. Mwambie Mwalimu siwezi kuja kambini."

Akaniwekea mkono kwenye paji la uso. Kwa hofu niliyokuwa nayo nilikuwa natoka jasho kweli, akasikitika kweli. Akasema, "Pole sana ndugu yangu. Lala. Nitamwambia mimi." Akaenda mbio.

Nilipumua. Nilijiona nimepata akili. Ugonjwa hauna mjadala, nikasema. Nani atambishia mgonjwa? Nilisahau jambo moja ambalo mtoto wa Kariakoo hapaswi kulisahau hata akiwa usingizini: kwetu mgonjwa hutazamwa. Ukisema unaumwa, umeita watu.

Alhamisi baada ya alasiri nyumba yetu ilikuwa imejaa wanawake. Uani wanachagua mchele, wanatwanga viungo, ngoma moja ndogo inapigwa kwa kujaribu tu, na Mwanahawa amefichwa chumba cha ndani anapakwa hina. Mimi niko chumba cha mbele na hesabu zangu, dirisha nimefunga. Mara nikasikia miguu mingi barabarani. Miguu ya wanaume, imepangika, haina kelele. Nikachungulia kwenye upenyo.

Mwanangu, moyo ulinishuka mpaka kwenye visigino. Timu yote! Mwalimu Mbaraka mbele, amevaa kanzu na kofia, nyuma yake wachezaji wawili wawili, wamebeba makapu ya machungwa na madafu, nyuso zimeinama kama wanakwenda kuzika. Kambi ile isiyofunguliwa kwa barua wala kwa mgeni, ilifunguliwa kwa ajili ya mgonjwa. Na mgonjwa mwenyewe ana bikari ya hesabu mkononi.

Wanawake wa uani waliona nini? Waliona wanaume wamevaa vizuri wanakuja kwenye nyumba ya harusi na makapu. Wakadhani ni upande wa bwana harusi wameleta vitu. Vigelegele! Mtaa mzima ulitikisika. Ngoma ikakolea. Mama mmoja akatoka na kanga akamfutia Mwalimu jasho, mwingine akaanza kuimba kumsifu. Wachezaji wakasimama barabarani, makapu kichwani, hawajui wacheke au walie. Nikamsikia mlinda mlango wetu mpya akinong'ona, "Kwani kashakufa?"

Nilijifunika gubigubi. Nilitamani homa ije kweli. Nilisoma dua zote nilizozijua na nyingine nikazibuni.

Na kabla vigelegele havijaisha ikasikika sauti ya Bi Rukia, shangazi yake Saidi, mwanamke mrefu asiyesubiri karibu. Abdu, akikimbilia kambini, alikuwa ameisema njiani habari ya homa yangu, kwa huruma, ikafika bandarini, Saidi akaisikia, Saidi akamwambia shangazi yake. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda mpaka bandarini ikarudi na Bi Rukia ameikalia mgongoni. "Wenye nyumba!" akaita. "Tumesikia walii yuko taabani. Kama hawezi kesho, semeni mapema. Kijana wetu aende zake Mtwara, ndoa tutaizungumza atakapopata likizo."

Ngoma ikanyamaza. Mama alisema, "Walii gani anaumwa? Mwanangu yuko humo ndani anasoma."

Na kutoka chumba cha ndani nikasikia Mwanahawa analia. Alijaribu kulia kimya, lakini kuta za udongo haziwezi kuficha kitu. Sijapata kusikia sauti iliyoniuma kama ile. Ndoa ikishaahirishwa mbele ya watu, mwanangu, huwezi kujua kama itarudi. Watu watauliza binti ana nini.

Nikatupa shuka nikatoka. Sikuwa hata na viatu. Nikasimama kizingitini mbele ya watu wote, kidole kina wino, nikasema, "Siumwi. Sikuwa naumwa. Nilidanganya."

Kapu moja la machungwa likawekwa chini taratibu.

Bi Rukia akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Alaa. Kwa hiyo mzima. Basi huyu ndiye anayetuozesha? Anayedanganya homa, na mahari je? Na sifa za dada yake je? Nini kingine katika nyumba hii ni cha uongo?"

Ni Mwalimu Mbaraka aliyejibu, mtu ambaye nilimkosea kuliko wote pale. Akamsalimu kwanza, "Shikamoo, dada yangu mkubwa." Kisha akasema, "Huyu kijana ninaye mwaka wa pili. Akinawa mpira mwamuzi asione, hunyoosha mkono mwenyewe. Amedanganya kwa kuogopa, na aliyeogopwa ni mimi. Tafadhali usiitoze nyumba hii deni langu."

Bi Rukia akafikiri. Akachukua chungwa moja kapuni, akalimenya, akala kipande kimoja. "Haya," akasema. "Kesho baada ya sala ya Ijumaa. Na huyo walii aje na ulimi mmoja." Wanawake wakapiga vigelegele tena, safari hii vya kushukuru, na mama akarudi kwenye kinu chake kutwanga.

Mwalimu akanichukua barazani. Wachezaji wakabaki barabarani. Akakaa, mimi nikasimama. Nikaanza kuomba radhi, akaninyanyulia kidole.

"Sitaki radhi. Niletee ule ujumbe uliokuwa unipe. Sema kana kwamba ndiyo kwanza unanijia."

Nikaanza, "Mwalimu, unajua mimi naipenda klabu, na sijapata kukosa, na hali ya nyumbani kwetu unaijua, na baba..."

"Hapana. Hujaniambia kitu bado. Una nini?"

"Nina harusi ya dada yangu Ijumaa. Mimi ndiye walii. Na Jumatatu naanza mtihani wa darasa la kumi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siwezi kulala kambini."

"Siku zote?"

Nikafikiri. Ajabu, nilikuwa sijafikiri hilo. "Siku zote. Hata nikitoka harusini, lazima nisome."

"Mechi unaweza kucheza?"

"Naweza. Lakini najua sheria: asiyelala kambini hachezi. Uamuzi ni wako."

"Umeona?" akasema. "Limekwisha. Maneno machache, wala hukufa. Sasa niambie, haya umeyajua tangu lini?"

Nikamwambia ukweli: harusi tangu mwezi uliotangulia, mtihani tangu mwanzo wa mwaka.

Ndipo akanitazama kule kutazama kwake. "Basi hii si dharura. Dharura ni nyumba kuungua. Hili ulikuwa nalo mfukoni mwezi mzima ukilipapasa. Unadhani mtu hutuma udhuru ili asamehewe? Udhuru hutumwa ili mwenzako ajipange. Mimi ningekusamehe hata leo. Lakini leo siwezi kujipanga." Akanionyesha kwa kidevu barabarani, alikosimama Abdu ameshika dafu. "Muulize huyo jana alifanya nini."

Hakutaka kuniambia mwenyewe. Kuhusu kucheza alisema atazungumza na wazee wa klabu. Akaondoka na vijana wake. Machungwa waliyaacha. Mama alisema hayarudi nyumbani kwa watu, yakaliwa harusini.

Ijumaa nilimwozesha dada yangu. Nilikaa mbele ya Saidi, nimemshika mkono, sheikhe ananitamkisha, na sauti yangu ilitetemeka mpaka nikaanza upya. "Nimekuozesha dada yangu Mwanahawa binti Selemani kwa mahari mliyokubaliana." Saidi akapokea. Bi Rukia alikuwa upande wa wanawake, nikawa nahisi sikio lake limepenya ukuta. Furaha niliipata, siwezi kukana, lakini ilikuwa na mchanga ndani. Kila mlango ulipogongwa nilidhani ni jibu la klabu.

Jumamosi jioni aligonga Mwalimu Mbaraka mwenyewe. Ametembea kutoka Msimbazi, na kambini wanamngoja. Nikamkaribisha, akakataa kukaa.

"Kesho huchezi," akasema. "Wazee walitaka wakutangaze umefukuzwa, nimewakatalia. Utarudi ukimaliza mtihani, utaanzia timu ya akiba. Nimekuja mwenyewe ili usilisikie uwanjani. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Soma vizuri." Akaondoka.

Nilibaki mlangoni. Nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa kukosa mechi, lakini zaidi kwa sababu mtu mzima mwenye shughuli zake ametembea njia yote ile kuniletea neno baya mapema, neno ambalo mimi kijana mwenye mbio sikuweza kulipeleka kwa mwezi mzima.

Jumapili asubuhi tulimsindikiza Mwanahawa melini. Alasiri nikakaa na vitabu vyangu, na upepo ukaleta kelele za Ilala. Mwanangu, hakuna mateso kama kusikia watu wakishangilia goli na hujui la nani. Nilisoma mstari mmoja mpaka ukapoteza maana. Tulitoka sare, nikaambiwa magharibi. Abdu alicheza vizuri, ingawa alichechemea mwishoni.

Nilimfuata Abdu baada ya karatasi yangu ya mwisho. Nilimkuta nje ya geti la bandari na kundi la wanaume wanaongoja kuchaguliwa kazi. Nikashangaa, maana yeye alikuwa na genge lake la kudumu. Akanieleza, bila hasira, kama mtu anayeeleza habari za mvua. Jumatano ile aliposikia naumwa, aliona kuwa klabu haina winga. Meli ilikuwa imeingia, genge lake limeshapangwa kuipakua. Hakuwa na nafasi ya kumtafuta nyapara, msimamizi wao, wala kumtafuta mtu wa kushika zamu yake. Aliacha tu, akaenda kambini. Nyapara akamfuta kwenye genge. Sasa anasimama getini kila alfajiri na wasio na genge, akichaguliwa leo, kesho harudiwi.

Nikamwambia, "Abdu, uliacha kazi kwa ajili ya homa ya uongo."

Akanishika bega. "Hata ungeniambia kweli ningekwenda kambini, ndugu yangu. Dada yako si dada yangu? Ila ungeniambia mapema, ningemuaga nyapara."

Hilo tu. Hakuongeza, na mpaka anakufa hakulirudia. Ilimchukua muda mrefu kupata genge lingine, na muda wote huo mama yangu alimpelekea vitumbua pale getini, ananipa mimi nibebe. Mtihani nilishinda, kwa kiasi. Katika timu nilirudi, kwa kiasi. Lile la Abdu sikulilipa, kwa sababu halilipiki.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha afya, na yaliyoniumbua yalikuwa machungwa. Kwa hiyo sikiliza. Ukiwa na la nyumbani na la shule, si aibu hata moja, wala usiyapambe kwa ugonjwa ili yaonekane makubwa. Mwambie mwalimu wako mwenyewe, usimtume rafiki. Mwambie leo, usingoje kesho. Anza na lenyewe, usianze na sifa zako: nina arobaini ya shangazi siku fulani, nina mtihani siku fulani, kambini sitakuwapo kuanzia lini mpaka lini, mazoezi haya nitayafanya peke yangu nyumbani, na kama nafasi yangu atapewa mwingine nitakubali. Kisha nyamaza umsikilize. Akikasirika, hasira yake ya leo ni ndogo kuliko ya siku ya kambi. Na kabla hujamaliza, kumbuka yupo mtu ambaye atasimama mahali pako. Hujui amepangwa wapi, anangojwa na nyapara gani. Muda unaouchelewesha si wako peke yako, ni wake pia, na yeye ndiye atakayelipa bila kukudai.

Nenda sasa, nimechoka kusema. Mola akupe moyo wa kusema neno zito likiwa bado jepesi. Afungue akili yako mtihanini, amlaze shangazi yako mahali pema, na miguu yako isikose uwanja. Na akujaalie rafiki kama Abdu, ila akujaalie kwanza kumstahili.